Picha ya DVD ya skrini pana imebanwa au imevutika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kuikuza

Majibu haya yanahusu zaidi DVD za PAL, yaani zile zenye mistari 576. Za NTSC zina swali lao mbele kidogo. Hoja ni ileile, hesabu tu ndizo zinazobadilika.

Nimenakili filamu kutoka kwenye DVD, na watu wote wamekuwa wembamba na warefu. Diski imeharibika?

Haijaharibika. Unachokiona ndicho kilichomo ndani ya diski.

Picha ya DVD ya PAL huhifadhiwa kwa pikseli 720 za upana na mistari 576 ya kwenda juu, iwe filamu ni ya skrini ya kawaida ya 4:3 au ya skrini pana ya 16:9. Sasa gawanya 720 kwa 576. Utapata 1.25. Skrini ya 4:3 inataka 1.33 na skrini pana inataka 1.78, kwa hiyo 1.25 haimfai yeyote kati yao. Picha pana imebanwa ubavuni kwa makusudi ili itoshe kwenye kisanduku kilekile cha pikseli na mistari yote 576 itumike. Deki ya DVD inapoicheza, husoma alama ndogo iliyoandikwa kwenye diski, kisha huitanua picha irudi kwenye umbo lake. Ulipoinakili picha bila kufuata alama hiyo, uliiona ikiwa bado imekunjwa, kama shuka lililotoka kabatini.

Wanaposema "uwiano wa pikseli" wanamaanisha nini?

Wanamaanisha upana wa pikseli moja ukilinganishwa na urefu wake inapoonyeshwa. Kwenye picha za simu na kompyuta pikseli ni mraba, uwiano wake ni 1, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kulifikiria jambo hili. Kwenye DVD ya PAL ya skrini pana kila pikseli inatakiwa ionyeshwe ikiwa pana kuliko urefu wake kwa karibu mara 1.42. Zidisha 720 kwa 64/45 utapata 1024 kamili, na 1024 kwa 576 ndiyo 16:9. Hilo ndilo umbo tunalolitafuta.

Usichanganye uwiano wa pikseli na uwiano wa picha nzima. Ule wa kwanza unahusu tofali, wa pili unahusu ukuta.

Alama hiyo iko wapi, na naionaje?

Video ya DVD imefungwa kwa MPEG-2, na mwanzoni mwa data yake kuna namba inayotaja umbo la picha nzima: 2 ni 4:3, 3 ni 16:9. Umbo la pikseli lenyewe halikuandikwa. Programu inayosoma faili ndiyo inayolipiga hesabu kutokana na namba hiyo pamoja na ukubwa wa picha. Ili kuona programu imepata nini, andika hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=width,height,sample_aspect_ratio,display_aspect_ratio -of default=nw=1 baiskeli.vob
```

Kwa diski ya PAL ya skrini pana jibu linatakiwa kuwa hivi:

```
width=720
height=576
sample_aspect_ratio=64:45
display_aspect_ratio=16:9
```

Ukiona 16:15 na 4:3, alama inasema picha ni ya skrini ya kawaida.

Kuna mtego hapa. DVD ina sehemu ya pili inayotaja umbo, nayo ni mafaili ya IFO. Deki hufuata IFO. Ukichukua faili la VOB peke yake, IFO inabaki kwenye diski na unabakiwa na alama ya MPEG-2 tu. Mara nyingi mbili hizi zinakubaliana, lakini diski zilizotengenezwa kwa haraka huweza kusema 16:9 kwenye IFO na 4:3 ndani ya video. Matokeo yake ni kwamba diski inaonekana sawa kwenye runinga ilhali faili linaonekana vibaya kwenye kompyuta.

Kwa nini programu ya kukuza picha hairekebishi yenyewe?

Kwa sababu nyingi zinapokea pikseli tu, alama haziziangalii. Ukiipa fremu ya 720 kwa 576 na kuiambia iikuze mara mbili, itakurudishia 1440 kwa 1152, yaani wembamba uleule kwa ukubwa mpya. Hali ni mbaya zaidi pale unapoitoa video kwanza iwe folda la picha moja moja, maana ukija kuziunga tena programu itachukulia kwamba kila pikseli ni mraba.

Basi naweza kuiamini alama nikaendelea?

Iamini baada ya kuipima. Kipimo ni kitu cha duara kinachotazamwa uso kwa uso: gurudumu, saa ya ukutani, sahani iliyoshikwa wima, mwezi mpevu. Kiwe karibu na katikati ya picha, kwa kuwa lenzi pana huvuta vitu vilivyo pembeni. Toa fremu moja bila kuirekebisha:

```
ffmpeg -ss 00:12:30 -i baiskeli.vob -frames:v 1 fremu.png
```

Ifungue kwenye programu ya kuhariri picha, hakikisha imefunguka kwa 720 kwa 576, kisha pima duara kwa pikseli, upana na urefu. Gawanya urefu kwa upana. Ukipata kati ya 1.4 na 1.47, picha ni ya skrini pana, hata kama alama inadai vingine. Ukipata karibu 1.07 au 1.09, ni ya skrini ya kawaida. Ukipata 1 kamili, kuna mtu aliyetengeneza video kwa pikseli za mraba akaitia kwenye diski bila kuibana, na hapo alama yoyote ile itakudanganya.

Nyuso za watu si kipimo. Jicho huzoea haraka mno, na baada ya dakika tano za kutazama watu waliobanwa utaapa kwamba ndivyo walivyo. Runinga pia si kipimo, kwa sababu nyingi huvuta picha zenyewe ili zijaze skrini.

Nimesoma mahali kwamba namba sahihi ni 16/11, si 64/45. Nani yuko sawa?

Wote wawili, kila mmoja kwa diski yake. Swali hili limezua ubishi mwingi kuliko inavyostahili, lakini chanzo chake kinaeleweka vizuri.

Pikseli 720 zilitokana na kipimo cha kubadili televisheni ya analojia kuwa dijitali, ambapo kila mstari wa picha husomwa mara milioni 13.5 kwa sekunde. Kwenye mfumo wa PAL sehemu ya mstari yenye picha hudumu mikrosekunde 52. Zidisha hizo mbili: 702. Yaani picha yenyewe, ile inayotakiwa kujaza 16:9, ni takriban pikseli 702 tu. Zilizobaki hadi 720 ni ukingo wa akiba, pikseli nane au tisa kila upande. Kwa urahisi wa hesabu watu huchukua 704, na 1024 ukigawanya kwa 704 unapata 16/11, yaani 1.4545.

Hiyo ndiyo kanuni ya zamani, na kamera nyingi za video pamoja na kanda zilizohamishiwa kwenye DVD zinaifuata. Lakini filamu nyingi zilizotengenezwa kwenye kompyuta kutoka nakala ya ubora wa juu zilibanwa moja kwa moja kutoka 16:9 kamili hadi pikseli zote 720. Kwa hizo, 64/45 ndiyo sahihi.

Tofauti ya namba hizi mbili ni asilimia 2.3. Hakuna mtazamaji atakayeigundua kwa macho. Mimi huitafuta kwa sababu moja tu: nikikosea hapa, kosa litakuzwa pamoja na picha, na siku nitakapotaka kuunganisha kipande hiki na kingine cha tukio lilelile kutoka chanzo tofauti, havitalingana.

Namna ya kutambua ni kutazama kingo za kushoto na kulia kwenye fremu isiyorekebishwa. Ukiona mstari mweusi wa takriban pikseli nane kila upande, au ukingo uliofifia na kuyumbayumba, una picha ya 704: kata nane kila upande na utanue zilizobaki hadi 1024. Ikiwa picha imejaa safi mpaka pikseli ya mwisho pande zote mbili, mara nyingi ni ya 720, usikate kitu. Pale unapobaki na shaka, pima duara kubwa. Duara la urefu wa pikseli 200 litakuwa na upana wa 137 na nusu kwa kanuni ya kwanza na 140 na zaidi kidogo kwa ya pili. Pikseli tatu ni pengo dogo, na mkono ukitetemeka linapotea, kwa hiyo pima maduara kadhaa, usitegemee moja.

Naomba mfano mzima, tangu faili hadi picha iliyo tayari kukuzwa.

Tuchukue video ya mbio za baiskeli iliyopigwa kwa kamera ya PAL ya skrini pana na kuwekwa kwenye DVD. Faili linaitwa baiskeli.vob. ffprobe inasema 720, 576, 64:45, 16:9.

Kwanza natafuta fremu ambayo baiskeli inapita ubavu kwa kamera, katikati ya picha, na haiendi kasi. Gurudumu lina urefu wa pikseli 198 na upana wa 136. Nikigawanya napata 1.456. Alama ya skrini pana ni ya kweli, na namba iko karibu na 16/11 kuliko 64/45. Nikitazama kingo naona weusi wa pikseli nane kila upande. Ushahidi wa aina mbili unakubaliana, basi ni 704.

Pili natazama fremu zenye mwendo. Spoksi na miguu ina michirizi ya ulalo kama meno ya kitana. Maana yake kila fremu imebeba nyakati mbili, mistari ya shufwa wakati mmoja na ya witiri mwingine. Hizi lazima zitenganishwe kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa programu ya kukuza ikikutana na meno hayo itayachukulia kuwa sehemu ya picha na kuyachora vizuri kabisa. Kichujio cha bwdif hufanya kazi hiyo, na kwa michezo namwambia atoe fremu kamili kwa kila wakati, ili fremu 25 kwa sekunde ziwe 50 na mwendo ubaki laini.

Kisha nakata kingo, natanua, na kufuta alama ya zamani:

```
ffmpeg -i baiskeli.vob -vf "bwdif=mode=send_field,crop=704:576:8:0,scale=1024:576:flags=lanczos,setsar=1" -c:v ffv1 -c:a copy baiskeli_sawa.mkv
```

Mpangilio huo una sababu. Meno huondolewa kwanza wakati mistari iko kama ilivyotoka kwenye diski. Kukata kunafuata, kutanua baada yake, na `setsar=1` huwa ya mwisho. FFV1 haipotezi kitu, kwa hiyo faili litakuwa kubwa. Liache hivyo, utalifuta ukimaliza kukuza.

Usiiruke `setsar=1`. Kichujio cha scale hujaribu kulinda umbo la picha linalojulikana kwake. Sisi tumekata kingo huku alama ikiendelea kusema 64:45, kwa hiyo bila amri hiyo faili jipya lingebeba uwiano wa 44:45, namba ambayo haina maana yoyote kwetu na ingeibana picha tena kidogo.

Mwisho narudia ffprobe. Nataka kuona 1024, 576, 1:1 na 16:9. Nalipima gurudumu lilelile: urefu 198, upana 198. Picha iko tayari.

Kama filamu haina meno ya kitana?

Ondoa bwdif kwenye amri. Filamu nyingi za sinema kwenye diski za PAL ni fremu kamili, na kichujio hicho kitazilainisha bure.

Kwa nini nitanue upana badala ya kupunguza urefu?

Ukipunguza urefu ili pikseli ziwe mraba, 720 inabaki na mistari 576 inashuka hadi 405. Umetupa mistari 171 ya taarifa za kweli, halafu unaiomba programu ya kukuza ibuni mingine. Kutanua hakuongezi undani, lakini pia hakutupi mstari hata mmoja. Kuna faida nyingine ndogo: 1024 kwa 576 ukizidisha kwa 1.875 unapata 1920 kwa 1080 sawasawa, bila masalio.

Wengine hukuza kwanza na kurekebisha umbo baadaye. Wamekosea?

Hapana, wana hoja yao: kutanua mapema hulainisha picha kidogo ubavuni, na programu ya kukuza inapokea kitu ambacho tayari kimeguswa. Kwa programu zinazokuza kwa hesabu tupu mpangilio haubadilishi mengi. Kwa zile zilizofunzwa kwa picha nyingi nashikilia msimamo wa kurekebisha kwanza, kwa sababu zimefunzwa kwa macho ya duara na herufi za unene wa kawaida, na ukizipa uso uliobanwa zinaweza kuunoa isivyo. Jaribu sekunde kumi za kila njia kwenye video yako uone mwenyewe.

Picha yangu ina mikanda myeusi juu na chini. Nifanyeje?

Angalia alama kwanza. Ikiwa ni 4:3, huenda picha pana iliwekwa ndani ya skrini ya kawaida bila kubanwa, na picha yenyewe ni mistari 432 tu kati ya 576. Hiyo usiitanue kwa 64/45! Kata mikanda ubaki na 720 kwa 432, kisha itanue hadi 768 kwa 432, ambayo ni 16:9. Umbo litakuwa sahihi, ila mistari iliyopotea haitarudi, na ukiikuza itaonekana hafifu kuliko diski ya skrini pana ya kweli.

Ikiwa alama ni 16:9 na mikanda ipo, filamu ni pana kuliko 16:9. Tanua kama kawaida hadi 1024 kwa 576, halafu kata mikanda.

Na DVD za NTSC?

Hizo ni 720 kwa 480. Kwa skrini pana uwiano wa pikseli ni 32/27, au 40/33 ukifuata kanuni ya 704. Upana sahihi ni 853 na theluthi, lakini upana unatakiwa kuwa namba shufwa kwa aina ya rangi inayotumika kwenye DVD, basi andika 854 kwa 480. Kosa hilo ni chini ya sehemu moja kwa elfu. Kwa skrini ya kawaida ya NTSC pikseli ni nyembamba badala ya pana, na picha isiyorekebishwa huonekana nene kwenye programu isiyojali alama.

Nimerekebisha, na sasa watu wamekuwa wanene kupita kiasi.

Umerekebisha mara mbili. Umetanua pikseli, lakini alama ya 64:45 imebaki kwenye faili, na programu ya kuchezea imeitii na kutanua tena. Dalili yake ni picha yenye uwiano wa karibu 2.53, ndefu kama ukanda, na mikanda myeusi mipya juu na chini. Usianze upya. Kama ni faili la MKV, badilisha alama peke yake:

```
mkvpropedit picha.mkv --edit track:v1 --set display-width=1024 --set display-height=576
```

Ikiwa upana na urefu wa faili lako ni mwingine, andika namba za faili lako. Amri hii haigusi picha, na humalizika kwa sekunde chache. Hata hivyo programu nyingine husoma alama iliyo ndani ya video yenyewe, kwa hiyo hakikisha kwa ffprobe.

Kompyuta imekuza usiku kucha na nimegundua leo kwamba sikurekebisha umbo. Kazi yote imepotea?

Yamenikuta. Niliacha folda la fremu likikuzwa usiku mzima, asubuhi nikakuta maelfu ya picha za 1440 kwa 1152 zenye watu kama vijiti. Nusura nifute kila kitu. Kumbe 1440 ukizidisha kwa 64/45 ni 2048, na 2048 kwa 1152 ni 16:9:

```
ffmpeg -i imekuzwa.mkv -vf "scale=2048:1152:flags=lanczos,setsar=1" -c:v ffv1 -c:a copy imerekebishwa.mkv
```

Ikiwa diski ilikuwa ya aina ya 704, kata kwanza pikseli 16 kila upande, kwa kuwa kingo nazo zimekuzwa mara mbili: weka `crop=1408:1152:16:0` kabla ya scale. Nyuso kwenye faili langu hazikutoka vizuri kama ambavyo zingetoka kwa mpangilio sahihi, hasa za watu walio mbali, kwa hiyo zile sehemu mbili zenye watu wa karibu nilizikuza upya. Nyingine zote niliziacha.